Pivoti au fomula ya kutafuta: uanze na ipi katika uchambuzi wa data ofisini

Mfanyakazi wa ofisi ambaye kwa miaka ametumia Excel kuandika orodha na kujumlisha safu moja hadi chini hufika siku anapoulizwa swali ambalo kujumlisha peke yake hakulijibu. Hapo wenzake humpa ushauri wa aina mbili. Mmoja humwambia ajifunze pivoti, mwingine humwambia aanze na fomula ya kutafuta iitwayo VLOOKUP, na kila mmoja husema kweli kwa kadiri ya kazi anayoifanya yeye. Makala haya yanazilinganisha zana hizo mbili kwa kutumia mfano mmoja, ili msomaji aone ni ipi inayokaribiana zaidi na maswali anayoulizwa mezani pake.

Mfano wenyewe nimeuunda kwa ajili ya makala haya, lakini yeyote aliyekaa katika ofisi ya biashara ya jumla Kariakoo ataitambua sura yake. Msambazaji wa sabuni na mafuta ya kula ana faili lenye laha mbili. Laha ya kwanza inaitwa Mauzo, nayo ina mistari 612 ya mwezi Machi: tarehe, namba ya mteja, bidhaa, idadi ya katoni na thamani kwa shilingi. Laha ya pili inaitwa Wateja, nayo ina wateja 85 wenye namba kuanzia 1001 hadi 1085, na kwa kila mteja limeandikwa jina la duka, wilaya na namba ya simu. Asubuhi moja mhasibu msaidizi anapata maswali mawili ndani ya nusu saa. Mkuu wa mauzo anamwambia, "Naomba nijue kila wilaya imeuza kiasi gani mwezi huu." Kijana wa stoo naye anapiga simu: "Shikamoo dada, mzigo wa mteja 1027 unakwenda wapi, na simu yake ni ipi?"

Nitazipima zana hizi kwa vigezo vinne: aina ya swali ambalo kila moja inalijibu, hali ambayo data zinapaswa kuwa nayo kabla ya kuanza, makosa yanayojitokeza na namna ya kuyagundua, na kinachotokea mwezi unaofuata au faili linapotumwa kwa mtu mwingine. Kigezo cha tatu nimekipa nafasi kubwa kwa makusudi, kwa sababu zana zote mbili huweza kutoa jibu lenye sura nzuri lakini si sahihi, na kila moja hukosea kwa njia yake.

Aina ya swali

Pivoti hujibu swali la makundi. Hukusanya mistari mingi yenye sifa moja, kisha hutoa jumla, idadi au wastani wa kila kundi. Ukisimama ndani ya laha ya Mauzo, ukachagua Insert kisha PivotTable, upande wa kulia wa skrini hutokea orodha ya majina ya safu zako na chini yake visanduku vinne. Buruta Bidhaa uiweke kwenye kisanduku cha Rows, buruta Thamani uiweke kwenye Values, na mistari 612 hujikunja kuwa mistari michache, mmoja kwa kila bidhaa, ikiwa na jumla yake. Ukitaka kuona katoni badala ya shilingi, unabadilisha kisanduku kimoja tu. Hakuna fomula uliyoandika.

Fomula ya kutafuta haikusanyi chochote. Kazi yake ni kuchukua kitu kimoja unachokijua, kwa mfano namba 1027, kukitafuta katika orodha nyingine, na kukuletea kilichoandikwa kwenye mstari huohuo. Kijana wa stoo anajibiwa hivi:

```
=VLOOKUP(1027,Wateja!$A$2:$D$86,3,FALSE)
```

Fomula hii inasema: itafute namba 1027 katika safu ya kwanza ya eneo lililotajwa, ukiipata niletee kilichomo kwenye safu ya 3, na usikubali kitu kinachokaribiana nayo tu. Safu ya 3 ni wilaya. Ukiandika 4 unapata simu. Kwa mteja mmoja ungeweza kutafuta kwa macho, lakini fomula hiyohiyo ikiburutwa chini inajibu kwa wateja wote waliomo kwenye orodha ya kupeleka mizigo.

Kwa kigezo hiki basi zana hizi hazishindani. Swali lenye "kila" na "kiasi gani" ni la pivoti. Swali lenye "huyu" na "ni ipi yake" ni la fomula ya kutafuta.

Hali ya data kabla ya kuanza

Pivoti inataka data ziwe katika jedwali moja lisilo na madaha. Kila safu iwe na kichwa chake, mstari mmoja uwe tukio moja, pasiwe na seli zilizounganishwa, na pasiwe na mistari ya jumla ndogo katikati. Daftari nyingi za ofisini zimepambwa kwa ajili ya kuchapishwa, zikiwa na jina la kampuni juu, mstari mtupu baada ya kila wiki na neno "Jumla" limekolezwa wino. Pivoti itayahesabu maneno hayo kama bidhaa nyingine. Safu moja ikikosa kichwa, pivoti inakataa kabisa kutengenezwa, na katika hilo naiona ni mwalimu mkali lakini wa haki.

Fomula ya kutafuta haijali sana mapambo, ila inadai jambo moja bila msamaha: pawe na ufunguo unaofanana pande zote mbili, na kila ufunguo uonekane mara moja tu katika orodha inayotafutwa. Namba ya mteja ni ufunguo mzuri. Jina la duka si ufunguo mzuri, kwa kuwa mtu mmoja ataandika "Duka la Mama Asha" na mwingine "Mama Asha Duka". Namba ya simu ina mtego wake, kwa sababu ukiiandika seli ikiwa katika hali ya namba, sifuri ya mwanzo hupotea. Namba ya kitambulisho cha Taifa ni mbaya zaidi katika hili. Ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote, hivyo ukiiandika kama namba, tarakimu 5 za mwisho hugeuka kuwa sifuri na hazirudi tena. Seli za namba za aina hiyo zigeuzwe kuwa maandishi kabla ya kuandika chochote.

Turudi kwa mkuu wa mauzo, kwa sababu swali lake lina kikwazo ambacho wengi hukigundua wakiwa wameshaanza kuburuta. Anataka mauzo kwa wilaya, lakini laha ya Mauzo haina wilaya. Wilaya imo kwenye laha ya Wateja. Pivoti ya kawaida iliyotengenezwa juu ya laha ya Mauzo haiwezi kuchambua kwa kitu kisichokuwemo. Inabidi safu ya sita iongezwe kwenye Mauzo, ipewe kichwa cha Wilaya, na seli ya F2 iandikwe hivi, kisha iburutwe mpaka mstari wa 613:

```
=VLOOKUP(B2,Wateja!$A$2:$D$86,3,FALSE)
```

Alama za dola si urembo. Zinaufunga mpaka wa eneo la Wateja ili usishuke fomula inapoburutwa. Ukizisahau, mistari ya juu hutoa majibu vizuri, kisha kadiri unavyoshuka ndivyo alama za #N/A, yaani kilichotafutwa hakikupatikana, zinavyoongezeka, kwa kuwa eneo la kutafuta limekuwa likiteleza chini na kuwaacha wateja wa mwanzo nje. Ukiona makosa machache juu na mengi chini, tazama dola kwanza.

Mwenye Excel ya 2021 au Microsoft 365 anaweza kutumia XLOOKUP, ambayo haihesabu safu na huleta neno unalolitaka pale mteja anapokosekana:

```
=XLOOKUP(B2,Wateja!$A$2:$A$86,Wateja!$C$2:$C$86,"Hayupo")
```

Ni nzuri kuliko VLOOKUP, na ofisi yenu ikiwa nayo kila mahali, jifunze hiyo moja kwa moja. Lakini kompyuta ya tawini ikiwa na Excel ya 2016 au 2019, fomula hiyo haitafanya kazi huko, na kwa sababu hiyo VLOOKUP bado haijastaafu.

Makosa na namna ya kuyagundua

Baada ya safu ya Wilaya kujazwa, mhasibu msaidizi anatengeneza pivoti: Wilaya kwenye Rows, Thamani kwenye Values. Inatoka hivi: Ilala 17,250,000, Kinondoni 12,400,000, Temeke 10,150,000, Ubungo 5,300,000, Kigamboni 2,100,000, na mstari wa sita unaoitwa #N/A wenye 1,400,000. Jumla kuu ni 48,600,000. Mstari wa sita unaudhi macho, na wapo wanaoukimbilia kwa kuuficha. Ningemsihi asifanye hivyo, maana ndio mstari wenye faida kuliko yote hapo. Unasema kwamba kuna mauzo ya shilingi milioni moja na laki nne ambayo fomula haikuyapatia mwenyewe.

Akibofya mara mbili juu ya hiyo 1,400,000, Excel inamfungulia laha mpya yenye mistari iliyounda kiasi hicho. Anakuta mistari 19. Kati yake, 11 ina namba za wateja waliomo kabisa kwenye orodha. Anarudi kwenye laha ya Mauzo kuitazama namba mojawapo na kuona pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya juu kushoto ya seli, dalili kwamba namba imehifadhiwa kama maandishi. Kwa jicho la mtu 1027 ni 1027. Kwa VLOOKUP, namba 1027 na maandishi 1027 ni vitu viwili tofauti. Anaziteua seli hizo, anabofya alama ya tahadhari inayotokea pembeni, anachagua Convert to Number, na mistari 11 inapata wilaya zake. Mistari 8 iliyobaki ni ya mteja 1086, mpya, ambaye hajaingizwa kwenye laha ya Wateja. Huyo anaandikwa kwenye mstari wa 87, na mpaka wa eneo katika fomula unasogezwa kutoka $D$86 hadi $D$87.

Hapa ndipo uzito wa neno FALSE unapoonekana. Neno hilo likiachwa, VLOOKUP hujichukulia kwamba unakubali jibu la karibu. Mteja 1086 asipokuwepo, fomula ingechukua namba kubwa zaidi isiyoizidi hiyo, yaani 1085, na kumpa mteja mpya wilaya ya jirani yake. Kwa mteja huyo kusingekuwa na #N/A, mistari yake 8 isingeonekana kwenye mstari wa sita, na taarifa ingepelekwa ikiwa na sura safi lakini ya uongo. Nalisema hili kwa uchungu wa aliyepitia. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi niliandaa orodha ya posho ya nauli bila kuandika FALSE, na mlinzi ambaye namba yake haikuwemo kwenye jedwali la viwango akapewa kiwango cha dereva aliyemtangulia kwa namba. Hakuna aliyejua mpaka mlinzi mwenyewe, kwa uaminifu wake, alipokuja kuuliza kama kuna nyongeza.

Kosa la pili la kimya upande wa kutafuta ni ufunguo uliojirudia. Mteja 1040 akiwa ameandikwa mara mbili, mara ya kwanza Temeke na baadaye tena alipohamia Ubungo, VLOOKUP itasimama kwenye mstari wa kwanza inaoukuta na haitakuambia kwamba kuna mwingine. Ukaguzi wake ni mwepesi. Kwenye safu tupu ya laha ya Wateja andika fomula hii na uiburute chini. Popote inapotoa zaidi ya 1, pana mteja wa kushughulikiwa:

```
=COUNTIF($A$2:$A$87,A2)
```

Pivoti nayo ina makosa yake ya kimya. La kwanza ni la kiasi kilichoandikwa kwa mtindo wetu wa dukani, yaani 45,000/= pamoja na alama zake. Kwa Excel hayo ni maandishi. Pivoti ikikuta maandishi ndani ya safu ya Thamani, mara nyingi huanza kwa kuhesabu idadi ya mistari badala ya kujumlisha, na kichwa husomeka Count of Thamani. Mtumiaji hubadilisha kuwa Sum, anaona mamilioni, anaridhika. Lakini kila seli yenye 45,000/= imeingia kwenye jumla hiyo kama sifuri. Mauzo yamepungua na hakuna kilicholalamika. Dawa yake ni kuhesabu seli zenye namba halisi kabla ya kutengeneza pivoti:

```
=COUNT(E2:E613)
```

Jibu linapaswa kuwa 612. Likiwa 597, kuna seli 15 zinazojifanya namba, au zilizo tupu.

La pili ni kuchakaa. Katika matoleo mengi ya Excel yaliyomo maofisini, ukisahihisha laha ya Mauzo pivoti hubaki na hesabu ya zamani hadi uibofye kwa kitufe cha kulia na kuchagua Refresh, au ubonyeze Alt na F5 ukiwa ndani yake. Mhasibu wetu aliyesahihisha mistari 19 asipofanya hivyo, bado ataiona 1,400,000 mahali pake na kudhani marekebisho hayakukubali. Fomula ya kutafuta haina ugonjwa huu. Hujibadilisha papo hapo. Katika Google Sheets hata pivoti hujisasisha yenyewe.

Upande mmoja pivoti inaishinda fomula kwa uwazi. Wilaya ikiandikwa "Temeke" mahali pamoja na "Temeke" yenye nafasi tupu mwishoni mahali pengine, pivoti itaonyesha Temeke mbili, moja juu ya nyingine, na uchafu wa data unakuwa hadharani. Kwa sababu hiyo wapo wanaotengeneza pivoti si kwa ajili ya taarifa bali kwa ajili ya ukaguzi tu, nami ni mmoja wao.

Mwezi unaofuata, na faili linapotumwa

Aprili ikifika, mistari mipya huongezwa chini ya ile ya Machi. Pivoti iliyotengenezwa juu ya eneo la mistari 613 haitaiona iliyozidi hapo, hata ukiisasisha mara kumi. Fomula ya kutafuta vilevile haitawaona wateja walioongezwa chini ya mpaka wake, kama ilivyotokea kwa 1086. Ugonjwa ni mmoja na dawa ni moja: kabla ya kuanza, simama ndani ya kila orodha na ubonyeze Ctrl na T ili igeuzwe kuwa jedwali rasmi la Excel, ambalo hupanuka lenyewe kila mstari unapoongezwa. Fomula na pivoti zikijengwa juu ya jedwali hilo hupanuka pamoja nalo.

Kuna tofauti moja upande wa VLOOKUP. Mtu akichomeka safu mpya katikati ya laha ya Wateja, tuseme Barua pepe kabla ya Wilaya, ile 3 iliyoandikwa ndani ya fomula haisogei, na safu yako ya Wilaya inajaa anwani za barua pepe. Angalau hilo linaonekana kwa macho.

Kutuma faili ni suala la kuwa mwangalifu. Ukihamisha laha yenye pivoti peke yake kwenda faili jipya na kumtumia mtu wa nje, kwa kawaida data zote zilizo nyuma ya pivoti huenda nayo. Mpokeaji akibofya mara mbili juu ya jumla ya Ilala, atafunguliwa mauzo yote ya Ilala, mteja kwa mteja. Nakili pivoti na ubandike kama thamani tupu kabla ya kutuma. Fomula ya kutafuta ina tatizo la kinyume chake. Orodha ya wateja ikiwa katika faili jingine lililobaki kwenye kompyuta yako, mpokeaji ataona majibu ya mwisho yaliyohifadhiwa na ujumbe unaomuuliza kama asasishe viungo asivyoweza kuvifikia.

Kwa hali yako

Kama kazi yako ni kupokea daftari moja lililokamilika, iwe la mauzo, mahudhurio au matumizi ya mafuta ya magari, na kila mwisho wa mwezi unaulizwa jumla kwa idara, kwa bidhaa au kwa wiki, anza na pivoti. Utapata jibu la kweli siku hiyohiyo bila kuandika fomula, na katika kuisafisha data ili pivoti ikubali, utakuwa umejifunza namna jedwali linavyopaswa kupangwa.

Kama siku yako hupita katika kuoanisha orodha mbili, kama afanyavyo mtu wa mishahara mwenye orodha ya wafanyakazi na orodha ya akaunti za benki, au karani wa ankara mwenye namba za bidhaa upande mmoja na bei upande mwingine, anza na fomula ya kutafuta. Itakuchukua siku kadhaa kuzoea dola na FALSE, na pivoti haitakusaidia kwa hilo hata ukiijua vizuri.

Kama uko katika hali ya mhasibu msaidizi wa Kariakoo, ambapo swali ni la makundi lakini sifa ya kundi imo kwenye orodha nyingine, hutakwepa zote mbili. Hapo ningeanza na pivoti juu ya safu zilizomo tayari, kwa mfano mauzo kwa bidhaa, ili niione ile 48,600,000 na kuiandika pembeni. Kisha ningeongeza safu ya Wilaya kwa VLOOKUP na kutengeneza pivoti ya pili. Jumla kuu ya pili ikiwa 48,600,000 ileile na mstari wa #N/A umekwisha, mkuu wa mauzo anaweza kutumiwa taarifa yake.